Barua ya Shule: Mtoto Mgonjwa Abaki Nyumbani Mpaka Lini?

Muhula unapoanza, shule nyingi za chekechea huwapa wazazi barua fupi kuhusu watoto wanaougua. Hutiwa sahihi harakaharaka, kisha hukumbukwa alfajiri mtoto anapoamka mwili unachemka na mama anatakiwa kazini.

Sharti la homa kwa kawaida ni hili: joto likifika nyuzi 38, mtoto asiende shule mpaka akae saa 24 bila homa, tena bila dawa ya kuishusha. Hilo la dawa ndilo rahisi kuvunjwa. Mtoto akinywa parasetamo saa 12 asubuhi, atafika darasani mchangamfu, anacheza na wenzake. Nguvu ya dawa hudumu saa nne hadi sita. Ikifika saa tano analala juu ya dawati, mwalimu anampigia mzazi simu, na waliokaa naye mkeka mmoja asubuhi nzima wameshavuta hewa yake. Parasetamo humpa nafuu, lakini haiui kirusi wala kimelea.

Kwenye malaria, saa 24 zina kazi nyingine. Huko homa haingojwi ipoe yenyewe: mtoto apelekwe kupimwa ndani ya saa 24 tangu ilipoanza. Malaria haiambukizwi kwa kukaa pamoja darasani, lakini mtoto anahitaji kumaliza dozi yake yote na kupata nguvu kabla ya kurudi.

Kutapika kuna hesabu ndefu zaidi. Shule nyingi hudai saa 48, na hesabu huanza pale alipotapika au kuharisha mara ya mwisho. Tuseme mtoto ametapika Jumanne saa tisa alasiri, akarudia saa tatu usiku, kisha akatulia. Jumatano asubuhi anaomba chai na chapati, na mzazi anaona amepona. Saa zake 48 zinatimia Alhamisi saa tatu usiku, kwa hiyo anarudi Ijumaa. Ukali huo una sababu: virusi vya tumbo, hasa norovirusi, huendelea kutoka kwenye choo cha mtoto hata baada ya kutapika kukoma. Dawa ya kupaka mikononi haiviwezi vizuri; sabuni na maji yanayotiririka ndiyo huviondoa.

Siku hizo za nyumbani mtoto apewe maji ya ORS kijiko kimojakimoja. Akitapika, mlezi asubiri dakika 10, kisha aendelee polepole zaidi.

Zipo dalili ambazo hazisubiri hesabu yoyote ya barua: mtoto anatapika kila anachopewa, hawezi kunywa, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Huyo apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.