Kukokotoa Saa za Kufundishia kwa Kila Somo kwa Wiki kutokana na Picha ya Ratiba ya Shule

Tafiti nyingi kuhusu utekelezaji wa mtaala huhitaji takwimu moja ambayo huonekana nyepesi kuipata, nayo ni muda ambao somo fulani limetengewa katika wiki ya shule. Chanzo cha takwimu hiyo kwa kawaida ni ratiba iliyobandikwa katika ofisi ya walimu. Kwa kuwa karatasi hiyo haiwezi kuondolewa ukutani, mtafiti huipiga picha kwa simu na kwenda kuihesabu baadaye. Makala haya yanaeleza namna ya kufanya hesabu hiyo kwa ratiba ya shule ya msingi nchini Tanzania, na yanaonyesha jinsi hesabu ya haraka inavyoweza kugeuza matokeo ya utafiti hata pale ambapo kila neno katika picha limesomwa sawasawa.

Hoja ya msingi ni kwamba kinachohesabiwa ni dakika, wala si visanduku. Kisanduku ni alama tu ya mahali ambapo dakika zimewekwa. Kimoja chaweza kubeba dakika 40, kingine 80, kingine 30, na kingine kikagawanywa baina ya masomo mawili. Mtafiti anayehesabu visanduku na kuzidisha kwa 40 huwa amechukulia kwamba visanduku vyote ni sawa, na dhana hiyo ni nadra kuwa kweli kwa wiki nzima.

Tuchukue ratiba ya mfano ya Darasa la Tano, mkondo A, iliyoundwa kwa ajili ya maelezo haya. Mistari yake ni siku tano za juma na safu zake ni vipindi vinane, vinne kabla ya mapumziko na vinne baadaye. Kichwa cha ratiba kinaonyesha kuwa kipindi cha kwanza huanza saa 2:00 na kumalizika saa 2:40. Mapumziko ni saa 4:40 hadi 5:10, na kipindi cha mwisho huisha saa 7:50. Chini kabisa ya karatasi, kwa kalamu ya wino, mwalimu wa taaluma ameandika kwamba siku ya Ijumaa kila kipindi ni dakika 30 na wanafunzi huondoka saa 6:30. Baada ya kunakiliwa kutoka katika picha, ratiba husomeka hivi:

| Siku | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 | 6 | 7 | 8 |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Jumatatu | HIS | HIS | KNG | KIS | S/T | M/J | U/M | S/K |
| Jumanne | KIS | HIS | S/T | S/T | KNG | M/J | U/M | MICH |
| Jumatano | HIS | KNG | KIS | M/J | S/T | U/M | S/K | DINI |
| Alhamisi | KNG | HIS | KIS | S/T | M/J | U/M | KIS/KNG | MICH |
| Ijumaa | HIS | KIS | KNG | S/T | S/K | S/K | M/J | DINI |

Vifupisho hivyo vinasimama badala ya Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, Stadi za Kazi, Michezo na Dini. Jedwali hili limekwisha kusafishwa. Karatasi yenyewe haikuwa na sura hii. Katika karatasi, Hisabati ya Jumatatu imeandikwa mara moja tu ndani ya kisanduku kirefu kinachofunika vipindi viwili. Vivyo hivyo Sayansi na Teknolojia ya Jumanne na Stadi za Kazi ya Ijumaa. Kwa hiyo visanduku vilivyoandikwa somo ni 37, ilhali nafasi za vipindi ni 40.

Hapa ndipo picha inapoleta ugumu ambao karatasi yenyewe haina. Simu ikishikwa mshazari, safu zilizo mbali na kamera huonekana nyembamba na zile za karibu huonekana pana. Kisanduku cha vipindi viwili kilicho upande wa mbali chaweza kulingana kwa upana na kisanduku cha kipindi kimoja kilicho karibu. Basi upana unaoonekana kwa jicho si ushahidi. Ushahidi ni mistari ya wima: mtafiti aweke rula juu ya picha, aanzie kwenye mpaka wa safu katika kichwa cha ratiba, na kuufuata hadi chini. Mpaka huo ukipita katikati ya kisanduku bila kukutana na mstari uliochorwa, hicho ni kisanduku cha vipindi viwili. Mahali ambapo mstari ni hafifu, siku ya juu yake na ya chini yake huonyesha pale mpaka unapostahili kuwa.

Safu ya mapumziko nayo ina hila yake. Walimu wengi hulitandaza neno MAPUMZIKO kutoka juu hadi chini, herufi zikigawanywa katika mistari ya siku, na katika picha yenye ukungu herufi hizo huweza kudhaniwa kuwa vifupisho vya masomo. Dawa yake ni kusoma saa zilizo katika kichwa kabla ya kusoma chochote kilicho ndani.

Baada ya kunakili, kila siku hupimwa kwa saa zake. Kuanzia saa 2:00 hadi 7:50 ni dakika 350. Tukiondoa 30 za mapumziko hubaki 320, sawa na vipindi vinane vya dakika 40. Siku ya Ijumaa, saa 2:00 hadi 6:30 ni dakika 270; tukiondoa 30 hubaki 240, yaani vipindi vinane vya dakika 30. Wiki nzima ina dakika 1,280 za siku nne na 240 za Ijumaa, jumla 1,520. Jumla hii hupatikana bila kuangalia jina la somo lolote, na ndiyo sababu inafaa kuwa kipimo cha hesabu ya masomo itakayofuata. (Ratiba zinazoandikwa kwa saa za Kizungu huhitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa kipindi cha 12:40 hadi 1:20 huleta jibu hasi katika kutoa. Saa za Kiswahili hazina tatizo hilo, kwani siku ya shule haivuki saa 12.)

Swali lililobaki ni kisanduku cha Alhamisi chenye KIS/KNG. Mkwaju katika S/T, M/J, U/M na S/K ni sehemu ya kifupisho, lakini hapa unatenganisha masomo mawili. Picha haiwezi kueleza mgawanyo wenyewe. Huenda masomo hayo hupokezana wiki hadi wiki, na hapo kila moja hupata wastani wa dakika 20. Huenda darasa hugawanywa makundi mawili, na hapo kila mwanafunzi hupata dakika 40 za somo moja na sufuri za jingine, hivyo takwimu moja kwa darasa zima haitoshi. Jibu hutoka kwa mwalimu wa taaluma, na linafaa kuandikwa katika daftari la uwandani siku ileile picha inapopigwa. Katika mfano wetu masomo hayo hupokezana.

Sasa hesabu yenyewe. Hisabati ina vipindi 5 kati ya Jumatatu na Alhamisi na kimoja Ijumaa: dakika 200 na 30, jumla 230. Sayansi na Teknolojia vilevile ni 230. Kiswahili kina vipindi 4 vya dakika 40, kimoja cha 30, na 20 za kisanduku cha pamoja, jumla 210, Kiingereza kadhalika. Maarifa ya Jamii ni 190, Uraia na Maadili 160, Stadi za Kazi 140, Michezo 80 na Dini 70. Zikijumlishwa zote hutoa 1,520, sawa na kipimo tulichopata kwa saa.

Tulinganishe na mtafiti aliyehesabu visanduku. Yeye ataona HIS mara 5 na kuandika dakika 200. Ataona KIS mara 6, akikihesabu kisanduku cha pamoja kama kizima, na kuandika 240. Tasnifu yake itadai kwamba Kiswahili kimetengewa muda mwingi kuliko Hisabati kwa dakika 40 kila wiki, ilhali ukweli ni kwamba Hisabati imekizidi Kiswahili kwa dakika 20. Mtahini atakayetaka kuligundua kosa hilo na ajumlishe masomo yote: kisanduku cha pamoja kikihesabiwa mara mbili, jumla ya mtafiti huyo ni visanduku 38 kwa dakika 40, yaani 1,520.

Jumla hiyo ni sawasawa na ile sahihi, na hapa ndipo penye funzo la kiufundi. Makosa matatu yamefutana: visanduku virefu vimepunguza, Ijumaa imeongeza, na kisanduku cha pamoja kimeongeza. Kwa hiyo ulinganifu wa jumla ya wiki ni sharti la lazima lakini halitoshi. Ukaguzi ufanywe siku kwa siku. Jumatatu ya mtafiti huyo ina dakika 280 badala ya 320, na Ijumaa yake ina 280 badala ya 240. Hapo kosa hujitokeza mara moja.

Kwa anayetumia programu ya majedwali, kila kipindi kiandikwe katika seli yake, na somo la vipindi viwili liandikwe mara mbili, kwa sababu seli zilizounganishwa huhifadhi maandishi katika seli ya kwanza tu. Iwapo vipindi viko kuanzia B hadi I, na siku kuanzia mstari wa 2 hadi wa 6, fomula ya Hisabati ni hii:

```
=COUNTIF(B2:I5,"HIS")*40+COUNTIF(B6:I6,"HIS")*30
```

Fomula kama hiyo kwa "KIS" itatoa 190, si 210, kwa kuwa haikitambui kisanduku cha KIS/KNG. Dakika 20 huongezwa kwa mkono na kuelezwa. Aidha, kugeuza dakika kuwa saa hufanywa mwishoni kabisa. Dakika 230 ni saa 3 na dakika 50, ambazo kwa desimali ni 3.83. Kuandika 3.50 ni kulipunguzia somo dakika 20.

Ulinganisho na muhtasari wa somo nao ufanywe kwa dakika. Tuseme muhtasari unataka vipindi 4 vya dakika 40 vya Stadi za Kazi. Ratiba yetu ina vipindi 4, kwa hiyo kwa idadi hakuna upungufu. Kwa muda, somo limepata 140 badala ya 160. Kauli zote mbili ni za kweli, na tasnifu inapaswa kusema ni ipi inayozungumziwa. Aidha, hizi ni dakika zilizopangwa. Kama mwalimu aliingia darasani au la ni swali la shajara ya somo na ushuhudiaji.

Pale ambapo mng'ao wa taa umefuta kisanduku, muda wake bado unajulikana kwa nafasi yake, ila somo halijulikani. Kisanduku kimoja cha namna hiyo siku ya Jumatano kingeacha dakika 40 zisizo na mwenyewe. Njia ya haki ni kutaja kila somo linalohusika kwa kiwango cha chini na cha juu, kwa mfano Stadi za Kazi 100 hadi 140, mpaka picha nyingine ipatikane. Kujaza kwa kukisia kwamba "somo hili limepungukiwa" hakufai, kwa maana upungufu huo ndio unaochunguzwa.