Kumfasiria Mzee Karatasi za Sikio

Hivi karibuni alitufikia mzee mmoja wa Tanga, mwenye umri wa miaka 71, akiwa na karatasi mbili za Kiingereza na kijisanduku kidogo. Karatasi ya kwanza ilikuwa odiogramu, yaani picha ya kipimo cha masikio yake. Ya pili ilikuwa maagizo ya kutunza chombo cha kusaidia kusikia kilichokuwamo ndani ya kijisanduku. Mjukuu wake alikuwa amekwisha kumfasiria zote mbili, na kwa ajili ya tafsiri hiyo mzee alikifungia chombo kabatini akaacha kuhudhuria baraza la mtaa. Kijana hakukosa bidii wala heima kwa babu yake. Alikosa maana ya alizozisoma.

Penye tarakimu 70 alimwambia, "Babu, umepoteza asilimia 70 ya masikio." Sivyo hata kidogo. Tarakimu hizo ni desibeli, ambazo hupima nguvu ya sauti. Sifuri, iliyo karibu na ukingo wa juu wa picha, si uziwi, bali ni kiasi cha sauti ndogo kabisa ambayo kijana mwenye masikio mazima huweza kuisikia. Kadiri alama zinavyoteremka, ndivyo sauti inavyotakiwa kuongezwa nguvu ndipo mtu aisikie. Duara nyekundu ni sikio la kulia, na msalaba wa buluu ni la kushoto. Kutoka kushoto kwenda kulia huhesabiwa hezi, kuanzia 250 mpaka 8000: mwanzo ni sauti nene kama ya ngoma kubwa, na mwisho ni sauti nyembamba kama ya filimbi.

Masikio yote mawili ya mzee wetu yalifanana. Penye hezi 250 alama zilikaa kwenye desibeli 20, nayo ni hali njema. Penye 1000 zilishuka hadi 35, na penye 4000 hadi 70. Mazungumzo ya kawaida huwa kama desibeli 60. Basi tafsiri iliyompasa ni hii: "Mzee, sauti nene unazisikia vema, ila nyembamba zinakupotea."

Katika maneno yetu, irabu kama a, o na u hubebwa na sauti nene zenye nguvu. Lakini s, f na th ni nyembamba tena dhaifu. Kwa hiyo mzee husikia kwamba mtu anasema, asiweze kupambanua "thamani" na "samani". Ndiyo maana alikuwa akiwalaumu wenzake barazani kwamba wanamung'unya maneno. Kumpigia kelele hakufai, kwani huzidisha irabu ambazo tayari anazisikia. Chombo hurekebishwa kwa kuifuata picha ile, kiongeze zaidi sauti zinazopotea. Hata hivyo hakirudishi sikio la ujana. Penye watu wengi yafaa aketi karibu na msemaji na kumtazama usoni.

Katika maagizo, kijana alikutana na neno la Kiingereza lenye maana mbili: ukungu wa vitu vinavyooza, na kitu kilichofinyangwa. Akaandika, "Osha ukungu kwa maji ya sabuni." Mzee asiyeuona ukungu wowote alikaribia kukitumbukiza chombo kizima majini, na kingeharibika. Kinachooshwa ni kile kipande cha plastiki kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake, baada ya kukitenga na chombo pamoja na mrija wake. Mrija hupulizwa maji yatoke, kisha huachwa ukauke usiku kucha. Chombo chenyewe hupanguswa kwa kitambaa kikavu tu.

Kosa la mwisho lilihusu betri. Kijana alisoma kwamba kikaratasi kilichobandikwa juu yake huondolewa, naye akaviondoa vyote sita siku moja. Betri hizi huamshwa na hewa inayopenya katika vitundu vilivyo chini ya kikaratasi. Zikiisha kuamka huendelea kupungua hata zisipotumika, na kukibandika tena hakuziokoi. Huondolewa kimoja wakati wa haja, na betri huachwa dakika chache kabla ya kuingizwa. Usiku mlango wa betri huachwa wazi ili unyevu utoke. Nazo ziwekwe mbali na watoto, maana mtoto akiimeza moja yapasa apelekwe hospitali mara moja.

Tulipokwisha, hatukumwuliza mzee kama ameelewa, kwa kuwa mtu mzima huitikia kwa adabu hata asipoelewa. Tulimwomba atuonyeshe. Akatenga kipande, akapangusa chombo, akakivaa. Kikapiga mbinja, akakisukuma ndani kidogo, kikanyamaza. Mjukuu wake akanena nyuma yake, kwa sauti ya kawaida, "Samani." Mzee akalirudia neno lile lile.