Hesabu sekunde kabla ya breki

Uko barabara ya Morogoro kuelekea Chalinze, spidi 80, mbele yako kuna lori. Chagua kitu kisichosogea, tuseme nguzo ya umeme. Mkia wa lori ukiipita, anza kuhesabu kwa mwendo wa kawaida: elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umekaribia mno. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, kisha hesabu tena kwa nguzo nyingine.

Kwa spidi hiyo gari linakula mita 22 hivi kila sekunde, kwa hiyo sekunde mbili ni takriban mita 44. Sehemu kubwa ya nafasi hiyo huishia kabla gari halijaanza kupunguza mwendo, wakati jicho linaona taa za breki na mguu unahamia kwenye pedeli.

Sekunde mbili ni za mchana mkavu tu, tena ndiyo kiwango cha chini. Mvua ikinyesha, hesabu nne, kwa sababu tairi hushika vibaya lami iliyolowa. Usiku, au gari likiwa limejaza abiria na mizigo, ongeza angalau sekunde moja. Kwenye ukungu hesabu pekee haitoshi: punguza mwendo hadi uweze kusimama ndani ya umbali unaouona.

Mtu akichomekea mbele yako, naye amekula nafasi yako. Inaudhi kweli, lakini rudi nyuma uhesabu upya, ukianzia kwenye mkia wa gari lake.