Je, Wajua? Kola yenye mafuta hupakwa sabuni ikiwa kavu

Weusi wa kola ya shati la pamba ni mafuta ya shingo yaliyonasa vumbi, na mafuta hukataa maji. Kwa hiyo kola ipakwe sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ikiwa bado kavu, isuguliwe taratibu kwa mswaki laini, ikae nusu saa, ndipo isuuzwe kwa maji ya uvuguvugu hadi povu liishe. Wapo wanaotetea jiki kwa haraka yake, lakini jiki hufifisha rangi tu, mafuta hubaki. Kola ikikauka kivulini, dondoshea tone la maji: likisimama juu, mafuta bado yamo, basi rudia kabla ya kupiga pasi, maana joto huyashikiza kwenye nyuzi. Likinywewa mara moja huku umanjano ukibaki, hayo si mafuta tena, na sabuni hii haitauondoa.