Namna ya kuandika filamu fupi yenye mwisho wa kushangaza

Wengi wenu mlikuwako ile siku tuliposoma senario yetu ya kwanza mbele ya klasi. Mnakumbuka vizuri namna ilivyoanguka. Tulifikiri mtashangaa na kupiga makofi, kumbe mlinyamaza kwanza, kisha mmoja akasema kwa nyuma: «Mumetudanganya.» Neno hilo lilituuma, lakini lilikuwa la kweli. Leo tunataka kuwaeleza kosa lilikuwa wapi, na namna tulivyolitengeneza.

Hadithi ilikuwa hivi. Baraka anaishi na mama yake, ambaye hajui kusoma. Baba alikwenda kuchimba zahabu mbali katika pori, mahali ambapo telefone haishiki. Kila mwezi Baraka anamsomea mama barua ya baba. Mwishoni jirani mmoja anaingia na kusema kwamba baba alikufa tangu miaka miwili, kwa hiyo barua zote aliandika Baraka mwenyewe. Basi, filamu imekwisha.

Kosa la kwanza ni lile la jirani. Hakuonekana hata mara moja mbele, na habari yake haikutoka katika kitu chochote tulichokuwa tumeona. Mwandishi anaweza kumwingiza mtu wa namna hiyo katika hadithi yoyote na kumfanya aseme lolote. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Katika onyesho la pili tulimwonyesha dereva wa kamio akishuka na kumpa Baraka barua mkononi. Kama Baraka anaziandika mwenyewe, dereva huyo alitoka wapi? Tulimweka kusudi tuwapoteze njia. Njo pale tulijifunza sheria hii: mtu aliye ndani ya filamu anaweza kusema uongo, lakini picha isiseme uongo. Baraka anaweza kumwambia mama, «Dereva ameniletea barua.» Hayo ni maneno yake. Lakini kamera ikituonyesha dereva, ni sisi waandishi tunaodanganya.

Mwalimu mmoja akatuambia habari za filamu fupi ya Mfaransa Chris Marker, inayoitwa La Jetée, ya mwaka 1962. Inachukua dakika 28, na karibu yote imetengenezwa kwa picha zisizotembea. Mwanzoni mtoto mmoja yuko kwenye uwanja wa ndege wa Orly, karibu na Paris. Anaona uso wa mwanamke, halafu anaona mtu akianguka, na baadaye anaelewa kwamba aliona mtu akifa. Kisha vita inaharibu dunia. Mtoto amekuwa mtu mzima na mfungwa, na wataalamu wanamchagua ili wamtume katika wakati uliopita, kwa sababu anashika sana ile picha ya utoto wake. Mwishoni anarudi Orly, anamkimbilia yule mwanamke, na hapo anapigwa na kufa. Yule mtu aliyemwona akifa alikuwa yeye mwenyewe.

Angalieni mahali dalili ilipowekwa. Haikufichwa hata kidogo, iko wazi katika dakika za kwanza kabisa. Lakini hatuitazami kama dalili, kwa sababu ilipewa kazi ingine: inatueleza kwa nini mtu huyu alichaguliwa. Tukisha kupata jibu hilo, hatuulizi tena.

Basi tukarudia senario yetu, na mara hii tulianza kwa mwisho. Kwanza tulimfukuza jirani. Tulitafuta nani ndani ya nyumba anaweza kufungua siri, na tukaona ni mama. Hajui kusoma, lakini ni yeye anayenunua kaye za shule, anajua karatasi yake na mistari yake. Basi anajua tangu zamani, naye ananyamaza. Onyesho la mwisho likawa hivi: mama anarudi sokoni na kaye mbili, anaziweka mezani na kusema, «Mwanangu, hii ni ya masomo. Na hii ingine ni ya barua za baba yako.» Sentensi hiyo moja inafungua siri mbili pamoja: siri ya Baraka na siri ya mama.

Kisha tukajiuliza: kama mwisho huo ni kweli, ni vitu gani vilipaswa kuonekana mbele? Tuliandika vingi, tukachagua vitatu tu, na kila kimoja tukakipa kazi ingine.

Cha kwanza ni kaye inayopungua. Katika onyesho la pili mwalimu anainua kaye ya Baraka mbele ya wenzake na kuuliza, «Kaye hii inaugua nini? Kila juma inakonda!» Klasi inacheka. Watazamaji pia wanacheka, wakifikiri ni habari ya mtoto mzembe.

Cha pili ni barua yenyewe. Hatuoni inafika namna gani. Inatoka siku zote katika mfuko wa shule, imekunjwa mara nne, bila bahasha. Wakati Baraka anasoma, mama anapitisha kidole pole pole juu ya karatasi. Tunafikiri ni upendo kwa bwana wake, na ni upendo kweli, lakini kidole hicho kinatambua mistari.

Cha tatu ni mbuzi. Katika onyesho la nne mbuzi amezaa asubuhi. Katika la tano barua ya baba inasema, «Chungeni vizuri yule mtoto wa mbuzi.» Mama ananyamaza kidogo, kisha anatabasamu. Kama mtazamaji anafikiri, atauliza: baba aliye mbali sana amejuaje? Ili asipate nafasi ya kufikiri, mara moja tuliweka mvua kubwa, na wote wawili wanakimbia kuanua nguo.

Senario ilikuwa na kurasa 8, na ukurasa mmoja ni karibu dakika moja ya filamu. Dalili ya kwanza iko katika ukurasa wa 2, ya mwisho katika ukurasa wa 5. Hatukuweka yoyote karibu sana na mwisho, maana dalili inayokuja wakati huo inapiga kelele.

Tulijaribu namna hii. Tuliwaita wenzetu sita wasiosikia hadithi, tukawasomea mpaka ukurasa wa 7, tukasimama na kuuliza: «Munafikiri nini itatokea?» Mara ya kwanza wanne walijua, kwa sababu tulikuwa tumemwonyesha Baraka akipasua karatasi. Tuliondoa picha hiyo. Tukaita wengine sita, na mmoja tu alijua. Kisha tukawasomea mwisho na kuuliza swali la pili: «Mulipaswa kujua kwa nini?» Hapo walianza kukatana maneno: «Kaye!» «Mbuzi!» Kama wangenyamaza, tungejua kwamba dalili zetu ni ndogo mno. Maswali hayo mawili yanakwenda pamoja, moja peke yake halitoshi.

Kitu kimoja kilituzidi. Kwa nini Baraka anaandika? Katika senario mpya hatusemi kama baba amekufa ao amewaacha. Wengine kati yetu walitaka jibu. Lakini mama hakuuliza, basi nasi tukaacha hivyo. Katika picha ya mwisho Baraka anavuta ile kaye ya pili, anaifungua, na mama anamsogezea taa.