Kwa nini mbuga hushika mbolea na kichanga huiacha iende

Msikilizaji, ukishuka mteremko wa shamba huko Usukumani, kuanzia Mwanza hadi Shinyanga na Simiyu, hukanyagi udongo wa aina moja. Juu, karibu na mawe, kuna kichanga chepesi ambacho wakulima wa huko wanakiita luseni. Chini bondeni kuna udongo mweusi mzito, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata kwenye jembe mvua zikianza. Huo ndio mbuga. Mkulima mmoja anaweza kuwa na aina zote mbili ndani ya shamba moja. Akinunua mfuko wa yurea na kuugawa sawa, mara nyingi mahindi ya kwenye luseni huanza kuwa ya manjano mapema, wakati yale ya pembezoni mwa mbuga bado ni ya kijani.

Tumeulizwa na wasikilizaji walioanza mwaka wa kwanza katika vyuo vya kilimo jambo hili linaelezwaje kitaalamu. Jibu lake liko katika kipimo kinachoitwa uwezo wa udongo kubadilishana kationi. Kwenye karatasi ya maabara utakiona kimeandikwa kwa herufi tatu tu, CEC.

Tuanze na neno lenyewe. Kirutubisho kikiyeyuka ndani ya maji ya udongo, huwa chembe ndogo mno yenye chaji ya umeme. Chembe hiyo inaitwa ioni. Ioni yenye chaji chanya ndiyo kationi. Potasiamu ni kationi, vivyo hivyo kalsiamu, magnesiamu, na amoniamu, ambayo ni sura mojawapo ya naitrojeni. Udongo wa mfinyanzi, kwa upande wake, una chaji hasi kwenye nyuso zake. Chanya na hasi huvutana, kwa hiyo kationi inakaa imeshikwa juu ya uso wa mfinyanzi, na maji yanayopita hayawezi kuizoa kirahisi.

Fikiria vigingi vya kufungia mbuzi uwanjani. Kila chaji hasi ni kigingi kimoja. Potasiamu na amoniamu, zenye chaji moja, zinafungwa kwenye kigingi kimoja; kalsiamu na magnesiamu, zenye chaji mbili, zinahitaji vigingi viwili. CEC ni hesabu ya vigingi vilivyopo katika kilo moja ya udongo. Sehemu ya "kubadilishana" katika jina hilo ina maana yake: vigingi havikai vitupu, na mmoja hafungwi mpaka mwingine afunguliwe. Mzizi wa mhindi unapotaka potasiamu, hutoa ioni ya haidrojeni, hiyo inashika kigingi, na potasiamu inaachiwa iingie kwenye maji ya kunywewa na mzizi.

Jambo hili lilionekana Uingereza kabla watu hawajajua ioni ni nini. Mwaka 1850, mkulima mmoja mwenye mashamba, H. S. Thompson, na mkemia J. Thomas Way walichapisha matokeo yao. Walimimina maji yenye salfeti ya amonia juu ya udongo, na yaliyotoka chini yalikuwa na salfeti ya kalsiamu. Amonia ilibaki ndani ya udongo na kalsiamu ikatoka badala yake.

Sasa kwa nini mchanga hauna vigingi? Punje ya mchanga ni kipande cha jiwe gumu, mara nyingi kwatzi, na uso wake hauna chaji ya kutajika. Tena ni kubwa. Chembe ya mfinyanzi haifiki elfu mbili za milimita, yaani 0.002, na imejengwa kwa tabaka nyembamba mfano wa karatasi za kitabu. Katika mfinyanzi wa mbuga, unaoitwa smektaiti, tabaka hizo hufunguka maji yakiingia, na ndiyo maana mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Ukizitandaza nyuso zote za gramu 10 za smektaiti safi, ndani na nje, utapata eneo karibu sawa na kiwanja cha mpira. Kila mahali hapo pana chaji.

Hapa mwanafunzi aangalie, maana wengi huandika kwenye mtihani kwamba mfinyanzi wowote una CEC kubwa. Si kweli. Udongo mwekundu wa miinuko mingi ya Afrika Mashariki una mfinyanzi tele, lakini ni wa aina ya kaolini, ambayo tabaka zake zimebanana hazifunguki. CEC ya kaolini safi ni kati ya 3 na 15, wakati smektaiti hufika 80 hadi 150. Ukifinyanga udongo mkononi utajua kama una mfinyanzi, ila hutajua ni mfinyanzi wa aina gani. Nyufa pana za kiangazi zinakwambia zaidi.

Turudi kwenye ule mfuko wa yurea, tupige hesabu ya shimo moja. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari moja ina mashimo karibu 9,000. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa gramu 5 na kidogo kwa kila shimo. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo gramu 5 zina gramu 2.3 za naitrojeni. Ndani ya siku chache udongo huigeuza yurea kuwa amoniamu. Kila gramu 14 za naitrojeni zinahitaji vigingi 100 kwa kipimo cha maabara, kwa hiyo gramu 2.3 zinahitaji vigingi 16 hivi.

Tuseme mbolea hiyo imesambaa ndani ya kilo 2 za udongo kuzunguka shimo. Kwenye kichanga chenye CEC ya 3, kilo 2 zina vigingi 6 tu, na hivyo 6 vimeshashikwa na kalsiamu na wenzake. Kwenye mbuga yenye CEC ya 40, kilo zile zile 2 zina vigingi 80. Vigingi 16 ndani ya 80 ni wageni wa kupokelewa. Vigingi 16 mahali palipo na 6 haiwezekani: nyingi itabaki ikielea kwenye maji, na mvua kubwa ya kwanza itaishusha chini ya mizizi. Kama mbolea iliachwa juu bila kufukiwa, sehemu nyingine huondoka hewani kama gesi ya amonia.

Ndiyo maana mkulima wa luseni anashauriwa kugawa mbolea ya kukuzia mara mbili au tatu badala ya kuiweka yote siku moja, na kuifukia. Anayesema kichanga "kinahitaji mbolea nyingi zaidi" ameshika nusu ya jambo. Ukiongeza kiasi kwenye shimo lile lile kwa siku moja, umeongeza tu kile kitakachooshwa.

Lakini CEC ina mpaka wake, na mpaka huo unagusa naitrojeni yenyewe. Amoniamu haikai hivyo hivyo muda mrefu. Bakteria wa udongo huigeuza kuwa naitreti, na katika udongo wa joto wenye unyevu na hewa kazi hiyo huchukua wiki chache. Naitreti ina chaji hasi. Kigingi nacho ni hasi, kwa hiyo havishikani. Kuanzia hapo hata CEC ya 40 haiizuii naitreti kutoka. Kinachoisaidia kwenye mbuga ni kwamba maji hupita polepole sana kati ya chembe zake. Kwenye kichanga maji hushuka haraka, na naitreti hushuka nayo.

Upole huo wa maji una gharama yake. Mbuga ikituama maji kwa siku kadhaa, hewa hukosekana ndani ya udongo, na bakteria wengine huanza kuivunja naitreti na kuiachia kama gesi. Kwa hiyo unaweza kuona mahindi ya manjano mbugani pia, udongo ukiwa na CEC kubwa kabisa. Kwenye mhindi wenye njaa ya naitrojeni, majani ya chini ndiyo yanayotangulia, na umanjano huanzia nchani na kufuata mstari wa kati wa jani. Ukiuona mbugani, tazama kwanza kama maji yametuama. Pale mfereji wa kutoa maji utafanya kazi ambayo mfuko wa pili wa yurea hauwezi.

Na kichanga je, vigingi vinaweza kuongezwa? Vinaweza, kwa mboji. Mabaki ya samadi na majani yaliyooza kabisa yana CEC inayokaribia 200 kwa kilo. Asilimia moja ya mboji huongeza kama vigingi 2 katika kila kilo ya udongo, na kwa kichanga chenye 3, kupanda hadi 5 ni jambo kubwa. Ugumu uko kwenye kiasi. Udongo wa ekari moja kwa kina cha sentimita 20 una uzito wa karibu kilo milioni moja, na asilimia moja yake ni kilo 10,000 za mboji iliyokamilika, si samadi mbichi, ambayo sehemu kubwa yake huishia hewani inapooza. Lakini asilimia moja ya zile kilo 2 za shimo ni gramu 20 tu. Kwa hiyo samadi chache iliyooza vizuri, ukiiweka kwenye mashimo badala ya kuitawanya shamba zima, inafika pale vigingi vinapohitajika.

Unaweza kuyaona haya kwa macho kwa kutumia GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, kwa sababu rangi yake ni kationi. Chukua chupa mbili za maji zinazopitisha mwanga. Tia vijiko viwili vya mchanga katika moja na vijiko viwili vya mbuga iliyosagwa katika nyingine, ujaze maji nusu chupa na chumvi kidogo ili matope yatuame upesi. Ongeza GV tone moja moja kwa kila chupa, ukitikisa na kusubiri maji yatulie kila mara. Hesabu matone. Maji ya mchanga yatabaki na zambarau mapema, wakati mbuga bado inameza tone baada ya tone. Vaa mifuko mikononi, maana ngozi nayo hushika rangi hiyo kwa siku kadhaa, na usimwachie mtoto chupa hizo.

Ukipeleka udongo maabara, tafuta mstari wa CEC kwenye majibu. Kipimo huandikwa cmol(+)/kg, na karatasi za zamani huandika me/100g. Namba ni ile ile. Chini ya 6 ni ndogo sana, 12 hadi 25 ni ya wastani, na kuanzia 25 kwenda juu ni kubwa. Luseni na mbuga chukua sampuli mbalimbali, kila moja na mfuko wake. Ukizichanganya, maabara itakupa namba ya katikati, na hakuna sehemu ya shamba lako yenye udongo huo.