Ali Alipigana Tarehe Ngapi?

Alfajiri ya Jumatano, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane mjini Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Pambano lilianza mnamo saa 10 alfajiri, wakati ambao kwa kawaida watu wamelala. Lilipangiwa muda huo kwa ajili ya Wamarekani, waliokata tiketi kulitazama kwenye kumbi zenye skrini kubwa. Kinshasa ilipokuwa saa 10 alfajiri, New York ilikuwa saa 4 usiku, na kalenda za huko zilikuwa bado Jumanne, tarehe 29.

Kwa mwalimu anayetunga karatasi ya mazoezi ya tofauti za saa, sijaona swali linalolishinda hilo. Ndani yake kuna mji ulio mbele ya Greenwich, mji ulio nyuma yake, na usiku wa manane umekaa katikati. Mwanafunzi wa sekondari akilielewa vizuri, maswali mengi ya mada hii yatamfungukia.

Kila mahali duniani pana namba inayoeleza saa zake ziko mbele au nyuma kiasi gani zikilinganishwa na saa ya Greenwich, London. Kwenye mipangilio ya simu utaiona namba hiyo imeandikwa UTC+3 kwa Nairobi na Dar es Salaam. Kinshasa ni +1. New York, katika miezi ya baridi, ni −5. Chanya maana yake saa za mahali hapo zimetangulia, hasi maana yake ziko nyuma.

Sasa mpe mwanafunzi swali: Kinshasa ni saa 10 alfajiri, tarehe 30 Oktoba, New York ni saa ngapi, tarehe ngapi? Aliye mwepesi ataona kwamba miji hii imeachana kwa saa sita, atatoa 6 kwenye 10, atapata 4, ataandika "saa 4 usiku". Hapo yuko sahihi. Kisha ataandika "tarehe 30", na hapo amekosa.

Kosa hili si la uzembe. Saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa upya jua linapotua, kwa hiyo usiku wa manane ni saa 6, namba inayopita kimya kati ya 5 na 7. Ukirudi nyuma kutoka 10 hadi 4 umevuka mpaka wa tarehe, lakini hakuna chochote katika namba zako kilichokuonya. Isitoshe, sisi tukisema "usiku wa kuamkia Jumatano" tunaichukua saa 4 ya usiku na saa 10 ya alfajiri kama sehemu za usiku mmoja. Katika maisha ya nyumbani hilo linatosha kabisa. Kalenda ya tiketi ya ndege, au ya mtihani, huukata usiku huo vipande viwili.

Ndiyo maana agizo la kwanza kwenye karatasi liwe kugeuza saa ziwe za mtindo wa 24. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6. Kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku, ongeza 18. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, toa 6. Saa 10 alfajiri inakuwa 04:00, na saa 4 usiku inakuwa 22:00. Sasa usiku wa manane ni sifuri, na kuvuka sifuri hakufichiki.

Baada ya hapo, kila swali lipitie Greenwich. Kutoka Kinshasa kwenda Greenwich tunatoa namba ya Kinshasa, na kutoka Greenwich kwenda New York tunajumlisha namba ya New York:

4 − (+1) = 3

3 + (−5) = −2

Wengi wakifika kwenye −2 hushtuka, wakaifuta alama na kuandika 02:00. Mwalimu awazuie hapo hapo. Hiyo −2 ina habari kamili: tuko saa mbili kabla tarehe 30 haijaanza. Ongeza 24 upate 22, na papo hapo punguza siku moja kwenye tarehe. Ningependa vitu hivyo viwili viandikwe kwenye mstari mmoja, kwa kuwa ni tendo moja: anayeongeza saa 24 lazima atoe siku, na anayetoa saa 24 lazima aongeze siku. Jibu ni 22:00, tarehe 29 Oktoba.

Jibu hupimwa kwa kwenda upande mwingine. Tuseme mtu wa New York, kengele ya kwanza ilipolia saa 22:00 tarehe 29, alimpigia simu nduguye aliyekuwa Nairobi. Kutoa hasi ni kujumlisha, kwa hiyo 22 − (−5) = 27, na 27 + 3 = 30. Hakuna saa 30, basi tunatoa 24 na kuongeza siku: Nairobi ilikuwa 06:00, tarehe 30. Kinshasa ilikuwa 04:00, na Nairobi iko mbele ya Kinshasa kwa saa mbili. Majibu yanakubaliana.

Kosa jingine linalojirudia ni la alama. Mwanafunzi huona 1 na 5, akatoa, akadai Kinshasa na New York zimeachana kwa saa nne. Mchoro wa mstari wa namba humsaidia kuliko maelezo. Aweke sifuri ya Greenwich katikati, Kinshasa kulia kwenye +1, New York kushoto kwenye −5, kisha ahesabu hatua. Miji ikiwa pande mbili za sifuri, umbali kati yake hauwezi kuwa mdogo kuliko wa mmoja wao kutoka sifuri. Akipata nne ilhali New York peke yake iko hatua tano, ajue kuna alama imepotea.

Swali la pili linaweza kumfuata Ali hadi Ufilipino, alikopambana na Joe Frazier asubuhi ya tarehe 1 Oktoba 1975. Manila ni +8. Tuchukue 10:00 kwa ajili ya hesabu. Greenwich inakuwa 02:00. New York ilikuwa bado kwenye saa za kiangazi, −4, kwa hiyo tunapata −2, yaani 22:00 ya siku iliyotangulia. Siku inayotangulia tarehe 1 Oktoba ni tarehe 30 Septemba. Swali hili liwekwe makusudi, maana wapo watakaoandika "tarehe 0", na wapo watakaoandika 31 kwa mazoea.

Hiyo −4 ndiyo sehemu inayowatega hata watu wazima. New York hupeleka saa mbele katika kiangazi na kuzirudisha baadaye. Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam hazigusi saa zake. Kwa hiyo tofauti kati ya miji hubadilika wakati sisi hatujafanya lolote, na karatasi isiyotaja tarehe, au isiyotoa namba ya mji kwa tarehe hiyo, inamdhulumu mwanafunzi.

Pambano la Kinshasa lenyewe linatupa swali la mwisho. Awali lilipangwa tarehe 25 Septemba, likaahirishwa kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini. Mwaka ule saa za New York zilirudishwa nyuma tarehe 27 Oktoba, siku tatu tu kabla ya pambano. Septemba zilikuwa −4. Je, kama waandaaji wangetaka New York iwe 22:00 tarehe 24 Septemba, mabondia wangepanda ulingoni Kinshasa saa ngapi? 22 − (−4) = 26; 26 + 1 = 27; toa 24, ongeza siku. Ni 03:00 ya tarehe 25, yaani saa 9 usiku. Atakayetumia −5 atapata 04:00, na mtazamaji wake wa New York, akifika ukumbini saa 22:00, atasubiri saa nzima kabla kengele ya kwanza haijalia.